KUSEMA "KWENDA" KWA KIRUSI: VITENZI VINNE NA MASHARTI YAKE

Sisi wasemao Kiswahili tunalo neno moja la kwenda, nalo latutosha. Mtu akienda sokoni kwa miguu, amekwenda. Akienda Kisumu kwa basi, amekwenda. Kama msikilizaji ataka kujua zaidi twamwongezea: kwa miguu, kwa baisikeli, kwa gari la moshi. Asipouliza twanyamaza, wala hakuna atakayesema kwamba tumekosea.

Mrusi hana ruhusa hiyo. Kabla hajataja safari yoyote hana budi kuamua mambo mawili. La kwanza, je, mtu huyo aenda kwa miguu yake au achukuliwa na chombo? La pili, je, ni mwendo wa upande mmoja, au ni mwendo wa kwenda na kurudi? Majibu ya maswali hayo mawili yamo ndani ya kitenzi chenyewe, hata kabla ya kutajwa mahali aendako.

Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana na mashaka haya tangu mwaka 1960, kilipofunguliwa mjini Mosko Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa. Mwaka 1961 chuo hicho kilipewa jina la Patrice Lumumba; jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Mwanafunzi mgeni asiyejua Kirusi hutumia mwaka wake wa kwanza kujifunza lugha, ndipo aingie katika udaktari au uhandisi. Katika mwaka huo, sura ya vitenzi vya mwendo ndiyo inayowatoa jasho wengi. Basi afadhali msomaji aione mapema, angali kwao.

Kwanza neno juu ya matamshi. Warusi wana herufi zao wenyewe, lakini hapa nitayaandika maneno yao kwa herufi zetu. "Kh" isomwe kama isomwavyo katika "kheri" na mtu anayeitamka barabara. "Zh" ni sauti ya "sh" iliyotiwa mvumo wa koo, kama vile "z" ilivyo "s" iliyotiwa mvumo.

VITENZI VINNE

Ukiyachukua yale maswali mawili na kuyaweka pamoja, utapata vitenzi vinne.

"Idti" ni kwenda kwa miguu, upande mmoja.
"Khodit" ni kwenda kwa miguu na kurudi, au kwenda mara kwa mara, au kuzungukazunguka.
"Yekhat" ni kwenda kwa chombo, upande mmoja.
"Yezdit" ni kwenda kwa chombo na kurudi, au mara kwa mara, au kuzungukazunguka.

Mtu akisema juu ya nafsi yake kwa wakati uliopo, husema "ya idu", "ya khozhu", "ya yedu" na "ya yezzhu". Neno "ya" ni "mimi". Ukikutana na rafiki njiani ukamwuliza aendako, utasema, "Kuda ty idyosh?" Naye akijibu "Ya idu v magazin", amekwambia kwamba wakati huu huu miguu yake inaelekea dukani. Lakini akisema "Ya khozhu v magazin", hakujibu swali lako. Amekwambia kwamba yeye ni mtu wa kwenda dukani, kama sisi tusemavyo "Mimi huenda dukani."

Hapo twaona kwamba Kiswahili hakikutuacha mikono mitupu. Ile "hu" yetu ya mazoea yakaribiana sana na "khodit". Mtoto asomaye katika shule ya karibu husema "Ya khozhu v shkolu", maana kila siku aenda na kila siku arudi. Neno letu "tembea" nalo lasaidia. Tukisema kwamba mtu anatembea mjini, hatukusema anakoelekea. Tumesema tu kwamba yumo katika kuzunguka. Mrusi atasema "khodit po gorodu". Na mtoto mchanga akianza kusimama na kupiga hatua, sisi twasema "Mtoto anatembea", nao husema kwamba "khodit". Hawawezi kusema "idyot", kwa sababu hiyo ingemtaka mtoto awe na mahali anapoelekea.

Tofauti hiyo si ya kuchezea. Fikiri kwamba mwanafunzi mmoja ni mgonjwa bwenini, na mwenzake amepiga simu kwa mganga. Mganga auliza, "On khodit?" Maana yake, "Je, aweza kutembea?" Mwenzake, ambaye hakujifunza vizuri, adhani ameulizwa kama mgonjwa yuko njiani kuja. Ajibu "Nyet", yaani hapana, akikusudia kusema kwamba bado yuko kitandani akivaa viatu. Mganga kwa upande wake ameandika kwamba mgonjwa hawezi kusimama kwa miguu yake, na huenda akatuma watu wenye machela. Kama angetaka kujua kwamba mgonjwa yuko njiani, angeuliza "On idyot?" Herufi chache tu zimebadili habari yote.

MAMBO YA JANA

Ugumu wenyewe huanza mtu anaposimulia mambo yaliyopita. Hapo mwanafunzi yampasa kuzishika namna tatu, tena azishike kwa mkono wa nguvu.

Namna ya kwanza ni "Ya khodil v kino." Mtu huyu alikwenda sinema akarudi, safari imekwisha, naye yuko mbele yako akikupa habari. Ni sawa na kusema "Jana nilikuwa sinema." Kama alipanda chombo kwenda mbali, atasema "Ya yezdil."

Namna ya pili ni "On poshol v kino." Mtu huyu ameondoka kwenda sinema, na hajarudi. Ukimtaka, hapa hayupo. Kama aliondoka kwa chombo, ni "On poyekhal." Utaona kwamba kitenzi cha upande mmoja kimetiwa silabi "po" mbele yake, na silabi hiyo ndiyo ionyeshayo kushika njia.

Namna ya tatu ni "Ya shol v kino." Hii haisemi kama mtu alifika, wala haisemi kama alirudi. Yatuweka katikati ya njia: "Nilikuwa nikienda sinema." Msikilizaji hungoja jambo la pili, kwa mfano "nikamwona mwalimu wetu." Kwa chombo, ni "Ya yekhal."

Msichana akisema juu ya nafsi yake huongeza "a" mwishoni: "khodila", "yezdila", "poshla", "poyekhala", "shla" na "yekhala".

Sisi nasi tunayo tofauti kama hiyo, ila tumeiweka mahali pengine. Ukisema "Baba amekwenda Mombasa", mgeni ataelewa kwamba baba hayupo. Ukisema "Baba alikwenda Mombasa wiki jana", ataweza kuuliza kama baba yuko ndani. Twapambanua kwa "me" na "li", yaani kwa wakati wa tendo, bali Mrusi hupambanua kwa kuchagua kitenzi kingine. Kwa hiyo atakayetafuta tafsiri ya neno "kwenda" peke yake atapotea. Yampasa kutafsiri sentensi nzima: je, mtu huyu yuko hapa, yuko huko, au yuko njiani?

SAFARI MOJA, HATUA KWA HATUA

Tuchukue safari moja tuifuate mpaka mwisho. Mwanafunzi wa chuo hicho cha Mosko ataka kwenda Peterburg, mji ulio umbali wa kilomita 650 hivi kwa njia ya reli. Ni Ijumaa jioni. Ametoka bwenini na mfuko begani, anatembea kuelekea stesheni ya reli ya chini ya ardhi iitwayo Belyayevo. Njiani akutana na mwenzake, naye amwuliza, "Kuda ty idyosh?"

Hapa anaweza kutoa majibu mawili, yote ya kweli. Akisema "Ya idu k metro", ametaja mwendo wa miguu yake kwa sasa, kwamba aelekea kwenye reli ya chini. Akisema "Ya yedu v Peterburg", ametaja safari yake nzima, ambayo ni ya chombo, ijapokuwa dakika hii hajapanda chombo chochote. Jibu ambalo halifai ni "Ya idu v Peterburg". Mwenzake atacheka, kwa kuwa amesikia kwamba mtu ataka kukanyaga kilomita 650 kwa viatu vyake.

Ameingia katika reli ya chini. Abadilisha njia katika stesheni ya Oktyabrskaya, naye aelekea Komsomolskaya, iliyo chini ya stesheni kubwa ya treni za Peterburg. Simu yalia; rafiki amwuliza yuko wapi. Atajibu, "Yedu na vokzal", yaani niko ndani ya chombo, naelekea stesheni. Kama angejibu "Yezzhu na vokzal", rafiki angeshangaa, maana ni kama kusema "Mimi huenda stesheni mara kwa mara."

Wakati huo bwenini mtu amegonga mlango wake. Ni karani, amekuja na barua ambayo lazima itiwe sahihi leo. Mwenzake wa chumbani aulizwa mwenye barua yuko wapi. Akisema "On poyekhal v Peterburg", mambo yameeleweka: hayupo, atafutwe kwa simu. Lakini akikosea akasema "On yezdil v Peterburg", karani atasikia kwamba bwana huyu alisafiri na sasa amekwisha rudi. Ataketi kumngoja, au ataenda kumtafuta katika maktaba na jikoni. Hakuna neno lililotamkwa vibaya, wala hakuna sarufi iliyovunjika. Sentensi ni safi kabisa, ila si ya kweli. Na hii ndiyo hatari ya vitenzi hivi: kosa lake halisikiki kama kosa. Mtu akikosea mwisho wa neno, Mrusi hutambua mara moja kwamba huyu ni mgeni, naye humsaidia. Akikosea kitenzi cha mwendo, husadikiwa.

Siku ya Jumatatu msafiri amerudi. Sasa ataulizwa, "Kuda ty yezdil?" naye atajibu, "Ya yezdil v Peterburg." Huko alikuwa akizunguka mjini kwa miguu, kwa hiyo "khodil po gorodu". Alikwenda katika jumba la makumbusho la Ermitazh akatoka, kwa hiyo "khodil v Ermitazh". Akitaka kusema kwamba alisoma kitabu akiwa njiani, atasema, "Kogda ya yekhal v Peterburg, ya chital knigu." Kitabu kilisomwa ndani ya treni, wakati wa kwenda. Bali akisema, "Kogda ya yezdil v Peterburg, ya videl Nevu", ametaja safari nzima tangu mwanzo hata mwisho, na katika muda huo aliuona mto Neva. Mto hauonekani Mosko wala njiani, uko Peterburg. Ndiyo sababu "yekhal" isingefaa hapo.

MAHALI KANUNI INAPOLEGEA

Kanuni hizi zina mipaka, nayo ni vema ijulikane, maana mwanafunzi aliyezikariri kama kasuku huja akashangaa.

Mpaka wa kwanza ni wa miguu na chombo. Ndani ya mji, Warusi hawana ukali sana. Mtu aweza kusema "Vchera ya khodil v teatr", kwamba jana alikwenda kuona mchezo, na ukweli ni kwamba alipanda basi. Nia yake ni kusema alikokwenda, si namna alivyokwenda. Lakini akitaja chombo chenyewe, au mahali penyewe pakiwa nje ya mji, ni lazima aseme "yekhat" au "yezdit". Kwa hiyo kati ya mtaa na mtaa kuna nafasi ya kuchagua. Kati ya mji na mji hakuna.

Mpaka wa pili ni wa mazoea. Tumesema kwamba jambo la kila siku lataka "khodit" na "yezdit". Ni kweli, maadamu unataja safari nzima ya kwenda na kurudi. Lakini ukiikata safari vipande viwili, kila kipande kina upande wake mmoja, hata kikiwa cha kila siku. Mtu aendaye shuleni kwa miguu na kurudi kwa basi atasema, "Kazhdoye utro ya idu v shkolu peshkom, a obratno yedu na avtobuse." Maneno "kazhdoye utro" ni "kila asubuhi", na bado ametumia "idu" na "yedu". Basi swali la kujiuliza si "Je, jambo hili ni la kila siku?" bali ni "Je, namtazama mtu huyu akiwa amegeuza uso upande mmoja?" Kama ndivyo, chukua "idti" au "yekhat".

Mpaka wa tatu wahusu vitu visivyo na miguu. Kwa Warusi mvua haidondoki wala hainyeshi. Mvua yaenda, "dozhd idyot". Theluji nayo yaenda, saa zaenda, na filamu inayoonyeshwa yaenda. Hizi zote ni "idti" na upande mmoja tu, kwa sababu mvua hairudi ilikotoka. Mabasi na treni vyenyewe mara nyingi hupewa "idti", ijapokuwa abiria wake hupewa "yekhat". Atakayepanda reli ya chini ya Mosko ataisikia sauti ya kipaza sauti mwisho wa njia ikisema, "Poyezd dalshe ne idyot", kwamba treni haiendi mbele zaidi. Asiyeelewa hubaki ameketi peke yake katika behewa tupu. Na ukiambiwa juu ya basi kwamba "tuda ne khodit", maana yake si kwamba basi hili limesimama leo. Maana yake ni kwamba mabasi hayana huduma ya kwenda huko kabisa, basi usingoje.

Msomaji akishavishika vitenzi hivi vinne, amepata ufunguo wa vingine. Vitenzi vya namna hii viko jozi kumi na nne hivi, na kila jozi yafuata mgawanyo ule ule. Kuruka kwa ndege ni "letet" kwa upande mmoja na "letat" kwa kwenda na kurudi. Kuogelea au kusafiri kwa meli ni "plyt" na "plavat". Kukimbia ni "bezhat" na "begat". Lakini asianze na kumi na nne. Azishike kwanza hizi mbili za miguu na chombo, kwa kuwa ndizo atakazozihitaji tangu asubuhi ya kwanza.

JIPIME

Haya ni mambo sita. Taja kitenzi kifaacho, ndipo usome majibu. Msemaji ni mvulana.

1. Uko ndani ya basi, waelekea chuoni. Mama apiga simu kuuliza unafanya nini.
2. Jana ulikwenda kwa mganga wa mtaani kwenu, ukarudi.
3. Ndugu yako amesafiri kwenda mji wa Kazan, naye bado yuko huko.
4. Kila mwaka, wakati wa likizo, huenda kijijini kwa treni na kurudi.
5. Ulipokuwa njiani kwenda dukani kwa miguu, ulimwona mwalimu.
6. Mvua inanyesha.

Majibu: (1) "yedu", kwa kuwa ni chombo na upande mmoja. (2) "khodil", kwa kuwa umekwisha rudi. (3) "poyekhal", kwa kuwa ameondoka na hayupo. (4) "yezzhu", kwa kuwa ni mazoea ya safari nzima. (5) "shol", kwa kuwa ulikuwa katikati ya njia. (6) "idyot".

Aliyekosa la tatu na airudie ile habari ya karani na barua. Aliyekosa la tano na ajiulize mara nyingine: wakati ule nilipomwona mwalimu, uso wangu ulikuwa umeelekea wapi?